Kusafiri kwa ndege na mzee mwenye usahaulifu: kutoka Mandewa hadi Dar es Salaam

(Mazungumzo na wakazi wa Mandewa, Manispaa ya Singida)



Tumekuja kuzungumza juu ya safari ambayo familia nyingi za hapa huifanya walau mara moja: kumpeleka mzazi Dar es Salaam kwa ndege, ama kwa ajili ya kliniki ya Muhimbili, ama kwenda kukaa na mtoto aliye huko. Tutamzungumzia mzazi wa aina moja tu, yule ambaye miguu yake bado inamchukua lakini kumbukumbu imeanza kumtoka. Anauliza swali lile lile mara tano. Anamwita mjukuu kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Akiwa nyumbani hana shida kubwa, kwa sababu anaijua njia ya kwenda chooni na anaujua mwembe wa uani. Akitolewa pale, mambo hubadilika.

Kabla ya habari za tiketi, kuna jambo la afya ambalo lazima litangulie. Usahaulifu wa uzeeni, ambao waganga huuita demensia, huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumapili na Jumatano akawa hamjui mwanawe, huyo hajapatwa na demensia kwa siku tatu. Huenda ana malaria, au maambukizi ya njia ya mkojo, au sukari imeshuka, au hajanywa maji ya kutosha, au dawa mpya imemzidi. Hali kadhalika mzee mwenye demensia ya siku nyingi ambaye ghafla amezidiwa, analala mchana kutwa au anaona watu wasiokuwapo. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali kwanza, nayo hospitali ya rufaa ya mkoa mnayo hapa hapa Mandewa. Mara nyingi hali hiyo hutibika, na mzee akishapona ndipo safari ipangwe. Kumpandisha ndege katika hali ile kwa matumaini kwamba Muhimbili watamtazama kesho ni kumhatarisha.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Mama wa miaka 79 anaishi Mandewa kwa mwanawe wa kiume. Binti yake yuko Dar es Salaam na amempatia miadi ya kliniki siku ya Alhamisi. Mama anatembea mwenyewe, ila magoti yanamuuma akienda mwendo mrefu. Kiswahili anakijua, lakini siku hizi akichoka au akiogopa hurudi kwenye Kinyaturu, lugha aliyokulia. Huko ndiko wazee wengi wenye hali hii wanakorudi, kwa kuwa lugha iliyoingia kwanza ndiyo inayotoka mwisho. Familia inajadili: ndege itoke Dodoma, mama apandishwe, na binti ampokee kule. Safari yenyewe ya angani ni ya takriban saa moja. Mtoto mmoja anasema kwamba hakuna haja ya kulipa tiketi ya pili, waombe tu kiti cha magurudumu na wahudumu watamshika mama mkono mpaka kwa dada.

Rai hiyo tunaisikia mara nyingi, nayo ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya safari hizi. Inafaa tuieleze kwa utaratibu.

Mnapokata tiketi na kuomba msaada, karani huandika ombi lenu kwenye kompyuta kwa alama za herufi nne zinazotumiwa na mashirika ya ndege duniani kote. Mkisema "kiti cha magurudumu" na mzee anaweza kupanda ngazi, huandika WCHR. Asiyeweza kupanda ngazi huandikiwa WCHS. Anayehitaji kubebwa hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege huandikiwa WCHC. Angalieni vizuri: alama zote tatu zinazungumzia miguu. Hakuna hata moja inayomwambia mtumishi yeyote kwamba abiria huyu hajui yuko wapi. Kijana anayesukuma kiti husoma WCHR na kuelewa kwamba mama huyu ana magoti mabovu na akili yake ni kamili. Kwa hiyo atamfikisha kwenye chumba cha kusubiri, amwambie kwa adabu, "Bibi, subiri hapa, nitakufuata ndege ikiitwa," kisha aende kumchukua abiria mwingine. Kijana hajakosea kitu, ametimiza kile alichoandikiwa. Dakika mbili baadaye mama amesahau agizo, anainuka na kuanza kutafuta mlango wa kurudi nyumbani.

Alama inayohusu hali ya mama wetu ni nyingine, nayo ni DPNA. Huandikiwa abiria anayehitaji msaada kwa sababu ya hali ya akili au uelewa. Iko pia MAAS, maana yake abiria huyu apokewe na kuongozwa. Kwa mama wa mfano wetu, mwombeni karani aandike mawili pamoja, yaani WCHR kwa ajili ya magoti na DPNA kwa ajili ya kumbukumbu. Si kila karani anaikumbuka alama hiyo ya pili, hasa kwa wakala wa mtaani. Akisema haijui, msibishane naye. Mwambieni aandike kwa maneno ya kawaida kwenye nafasi ya maelezo ya abiria: "Mzee ana usahaulifu, asiachwe peke yake, asitenganishwe na msindikizaji." Kisha mpigie simu shirika lenyewe mhakikishe kwamba maneno hayo yanaonekana kwao. Mashirika mengi huomba taarifa za namna hii saa 48 kabla ya safari. Iwapo mzee ametoka kulazwa karibuni, au hali yake inabadilika mara kwa mara, shirika linaweza kutaka fomu ya taarifa za kitabibu iitwayo MEDIF, ambayo sehemu yake hujazwa na daktari. Ulizeni jambo hilo siku ile ile ya kukata tiketi, kwa maana kumpata daktari wa kuijaza siku ya mwisho si rahisi.

Tunajua kinachozifanya familia zinyamaze. Ni haya. Mtu huona kwamba kumwambia karani "mama yangu amepoteza kumbukumbu" ni kumvunjia mama heshima, basi husema "amechoka tu, ni uzee." Wapo pia wanaoogopa kwamba wakisema kweli tiketi itakataliwa. Hofu hiyo ina msingi kidogo: abiria asiyeweza kuelewa maelekezo ya usalama anaweza kuambiwa kwamba hatapokewa bila msindikizaji. Lakini hilo ni bora liamuliwe mezani siku tatu kabla, kuliko kuamuliwa mlangoni pa ndege mama akiwa analia. Na mkiona haya kusema mbele yake, andikeni kwenye karatasi mmpe karani asome.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule mtoto wa familia ni kwamba tiketi ya pili inahitajika. Msaada wa kupokewa na kuongozwa humfikisha abiria kutoka hatua moja hadi nyingine. Hakuna mtumishi anayekaa naye muda wote wa kusubiri, na hakuna anayeketi kando yake angani. Wahudumu wa ndege wana abiria wengine na kazi ya usalama. Kama fedha za tiketi mbili hazipo, na tunaelewa kwamba kwa kaya nyingi hazipo, basi inafaa kutafakari upya kama ndege ndiyo njia. Treni ya mwendokasi imekuwa ikisafirisha abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam tangu mwaka 2024, nayo humfikisha mtu kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Msindikizaji anahitajika huko pia, lakini nauli mbili za treni huwa nafuu kuliko tiketi mbili za ndege, na mzee asiyetulia anaweza kuinuka na kunyoosha miguu wakati wowote. Sisi kazi yetu ni usafiri wa anga, ila hatukuja hapa kuwauzia ndege.

Tuseme familia imeamua: mwana wa kiume atamsindikiza mama. Sasa wachague saa. Wazee wengi wenye usahaulifu huwa afadhali asubuhi, na kadiri jua linavyoshuka ndivyo wanavyozidi kuhangaika. Anayeishi na mzee wa namna hii anaijua saa ile ya magharibi ambapo mama huanza kufunga virago akisema anataka kwenda kwao, hali yuko kwao. Basi safari ipangwe ili saa hiyo imkute amekwisha fika na ameketi. Kutoka Singida hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 240, takriban saa nne. Wakiondoka Mandewa saa kumi na mbili alfajiri watakuwa Dodoma saa nne, nao wakipata ndege ya mchana, tuseme saa saba au saa nane, mama atakuwa sebuleni kwa binti yake kabla ya jua kuzama. Ndege ya asubuhi na mapema huvutia kwa kuwa mama huwa bado ana nguvu, lakini itawalazimu kulala Dodoma usiku mmoja, katika chumba kigeni na choo kigeni, na usiku wa namna hiyo ndio unaomvuruga mzee kuliko ndege yenyewe. Ndege ya jioni tungewashauri waiache hata ikiwa nafuu.

Juu ya dawa za kumtuliza tunasema kwa msisitizo. Wako wanaompa mzee piritoni ili alale njiani, kwa sababu ni rahisi kupatikana na "haina madhara." Kwa mzee mwenye usahaulifu ina madhara. Piritoni na dawa za mzio za aina yake, zile zinazoleta usingizi, hudhoofisha kazi ile ile ya ubongo ambayo kwake imekwisha punguka. Badala ya kulala anaweza kuchanganyikiwa zaidi, kuona vitu, kukauka kinywa, kuziba mkojo au kuyumba na kuanguka kwenye ngazi za ndege. Dawa yoyote ya kutuliza itolewe na daktari anayemjua mzee, na ijaribiwe nyumbani siku kadhaa kabla, isiwe mara ya kwanza siku ya safari. Dawa zake za kila siku, za shinikizo la damu au kisukari, ziwe katika pakiti zake ndani ya mkoba wa mkononi, zisiingie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Siku ya safari, kabla ya kutoka nyumbani, mwana ampige mama picha ya simu, mwili mzima, akiwa na nguo alizovaa siku hiyo. Mtu aliyepotelewa na mzazi huulizwa "amevaaje?" na kwa taharuki hushindwa kujibu hata kama ni yeye aliyemfunga kilemba. Kisha aandike karatasi ndogo yenye jina la mama, namba yake mwenyewe na namba ya binti, aishonee au kuibana kwa pini ndani ya nguo. Mkoba hautufai kwa hili, kwa kuwa mkoba ndicho kitu cha kwanza ambacho mzee hukiacha kwenye kiti. Aangalie pia kitambulisho. Wazee wetu wengi wana jina la ukoo, la ubatizo au la Kiislamu, na jina wanaloitwa mtaani, nayo hayaandikwi sawasawa kila mahali. Jina la kwenye tiketi lifuate herufi kwa herufi lile lililo kwenye kitambulisho kitakachoonyeshwa kiwanjani. Abiria mwingine akiulizwa kuhusu tofauti ya jina anaweza kujieleza. Mama huyu akiulizwa jina lake anaweza kutaja lile alilokuwa nalo kabla ya kuolewa.

Sasa wako kiwanjani. Katika viwanja vyetu abiria hukaguliwa mara mbili: mlangoni pa jengo, na tena kabla ya kuingia chumba cha kusubiri kuondoka. Hapo kwenye ukaguzi ndipo pa hatari kuu, nasi tungependa mpaelewe vizuri. Kila abiria hupita peke yake katika lango la ukaguzi, huku vitu vyake vikipita kwenye mashine ya pembeni. Kwa muda wa dakika moja au mbili mwana na mama wanatenganishwa kwa lazima. Mwana akitangulia, mama hubaki nyuma na huweza kugeuka kurudi mlango aliouona. Mama akitangulia, hujikuta upande wa pili hana anayemjua, hufuata watu wanaotembea, na mwana bado anavua mkanda.

Namna inayofaa ni hii. Wakiwa bado kwenye foleni, mwana atoe kila chuma, chake na cha mama: bangili, simu, mkanda, tasbihi au rozari, na fedha za sarafu ambazo akina mama hufunga kwenye pindo la kanga na wakaguzi huzikuta baada ya king'ora kulia mara mbili. Kisha amwendee afisa wa ukaguzi kabla zamu yao haijafika, amweleze kwa sauti ya chini: "Mama yangu ana usahaulifu. Naomba apite mbele yangu, na mwenzako wa upande wa pili amshike mpaka nifike." Aweke vitu vyote kwenye mashine kwanza, vya mama na vyake, asiache kazi yoyote ya mikono. Ndipo mama apite, naye amfuate nyuma bila kukawia. Mama akihitaji kupapaswa, mwana aombe ifanywe na afisa wa kike, faraghani, na yeye awepo karibu ili amweleze mama kwa Kinyaturu kila mkono kabla haujamgusa. Mzee anayeguswa na mgeni bila kuelewa sababu atampiga mkono, na afisa asiyejua hali yake atadhani ni ukaidi. Sentensi ile moja ya mwanzo huzuia mengi.

Baada ya ukaguzi, choo. Mwana hawezi kuingia na mama katika choo cha wanawake, na vyoo vya viwanja vikubwa mara nyingine vina milango miwili. Atafute choo cha watu wenye ulemavu, ambacho huwa ni chumba kimoja chenye nafasi ya wawili, hata kama mama anatembea. Asipokipata, amwombe mtumishi wa kike au abiria mwanamke aingie naye, na yeye asimame mlangoni asiondoke kwenda kununua maji. Mama aende chooni karibu kabisa na wakati wa kupanda, kwa sababu kwa safari ya saa moja hilo laweza kumtosheleza mpaka Dar es Salaam. Nepi za watu wazima si aibu kwa siku ya safari, ila azoee kuivaa nyumbani kabla, la sivyo ataivua njiani.

Dodoma abiria hutembea kwa miguu uwanjani hadi kwenye ndege na kupanda kwa ngazi. Kelele ni kubwa, upepo unavuma, na watu wanaharakisha. Abiria wenye kuhitaji msaada kwa kawaida huitwa kwanza, lakini kutangulia kuna faida na hasara yake. Kunampa mama nafasi ya kupanda taratibu bila kusukumwa, ila kunamrefushia muda wa kukaa kitini kabla ndege haijaondoka. Kwa mzee mwoga wa ngazi atangulie. Kwa mzee asiyetulia kitini tungeshauri waombe kuingia mwisho.

Ndani ya ndege, mama akae dirishani na mwana upande wa njia, ili mama asiweze kuinuka bila yeye kujua. Katika ndege za mapangaboi aina ya Dash 8-400 viti viko viwili viwili kila upande, kwa hiyo wanapata safu yao wenyewe. Katika Airbus A220 upande mmoja una viti viwili na mwingine vitatu. Waombe upande wa viwili. Safu ya mlango wa dharura hawataruhusiwa, na ni haki. Mkanda wa kiti ni kishawishi: mama ataufungua kila baada ya dakika kwa kuwa mikono yake inatafuta kazi. Mhudumu akishaukagua, mtandikieni kanga mapajani ifunike kifungo, mpeni na kitu cha kushika, tasbihi au kitambaa cha kukunja. Asichokiona hakimsumbui.

Ndege inapoanza kushuka masikio huziba na kuuma. Mtu mzima humeza mate na kupiga miayo. Mama anaumwa lakini hajui kusema sikio linauma. Husema anataka kushuka, au hukasirika ghafla, au huvuta kilemba. Familia nyingi hudhani ameshikwa na hofu ya ndege. Mpeni maji kidogo kidogo anywe tangu rubani anapotangaza kushuka, au pipi ya kumung'unya. Pipi isitumike kama mzee hupaliwa akila nyumbani. Huyo apewe maji tu, tena kwa funda ndogo akiwa ameketi wima. Akisema anamtaka marehemu mumewe, huo si wakati wa kumkumbusha msiba. Mwulizeni habari zake, alikuwa analima wapi, na ndege itakuwa imetua kabla hajamaliza.

Akihitaji choo angani, mwana asimame nje na mlango urudishwe bila kufungwa kwa komeo. Akijifungia, wahudumu wanajua namna ya kuufungua kwa nje, kwa hiyo waitwe mara moja, msiutikise mlango.

Dar es Salaam kuna mahali pa pili pa kupoteana, nako ni penye mizigo. Mwana anatazama mkanda unaozungusha masanduku, macho yote kwenye sanduku, na mama yuko nyuma yake. Watu wote wanaelekea mlango mmoja, naye anawafuata. Dawa ya hili ni kusafiri na mikoba ya mkononi pekee, na vitu vingine vitumwe kwa basi siku nyingine. Ikishindikana, kijana wa kiti cha magurudumu abaki na mama mpaka sanduku lipatikane, na mwana aseme hivyo waziwazi. Binti asubiri nje mlangoni, akiwa ameambiwa jengo ambalo ndege inafikia, kwa sababu Kiwanja cha Julius Nyerere kina majengo zaidi ya moja na umbali kati yake si wa kutembea na mzee.

Mzee akipotea ndani ya kiwanja, msianze kwa kuzunguka wenyewe. Mwendeeni afisa usalama wa karibu papo hapo, mwonyesheni picha ya asubuhi, mwambieni ana usahaulifu na lugha anayoitikia. Wao wana redio na wanaweza kuangalia milango yote kwa wakati mmoja, jambo ambalo familia haiwezi. Mmoja wenu abaki mahali alipoonekana mwisho. Mtafuteni kwanza upande wa mlango mlioingilia, vyooni, na kwenye vituo vya magari nje, na mkimwona msimkimbilie kwa kelele. Mwendeeni kwa mbele, taratibu, mkimwita kwa jina analolipenda.

Wakati wa maswali tuliulizwa hapa Mandewa: je, kama msaada uliombwa na haukutolewa? Hifadhini tiketi na ujumbe wowote mlioandikiwa, andikeni saa na mahali, na jina la mtumishi kama alivaa kitambulisho. Lalamikeni kwanza kwa shirika la ndege kwa maandishi, kwani ndilo lililopokea ombi lenu hata kama aliyesukuma kiti ni wa kampuni nyingine. Msiporidhika na jibu, pelekeni nakala za barua hizo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Malalamiko yenye nguvu ni yale yanayoonyesha kwamba mlieleza hali ya mzee mapema, na ndiyo sababu tumewasihi ombi la DPNA liandikwe, au maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili, na mpewe nakala ya tiketi inayolionyesha.

Aliyeuliza juu ya safari ya kurudi tunamjibu hivi: ombi la msaada kwa kawaida huandikwa kwa kila safari peke yake. Mkikata tiketi ya kwenda na kurudi, hakikisheni liko pande zote mbili, na mkibadilisha tarehe kwa sababu kliniki imesogezwa, lirudieni tena, kwa kuwa linaweza lisihamie kwenye tarehe mpya.